Mteja kanisifia mwenyewe, nimepunguza maneno tu, sasa naitwa mwongo. Nimekosea wapi?

Fundi wa Mindu

Wakuu, salaam. Mimi natengeneza mashine za kutotolesha vifaranga hapa Morogoro, zile za mayai 60 na za 120. Sina duka kubwa, wateja napata WhatsApp na Instagram. Mwezi uliopita mama mmoja wa Dakawa kanitumia ujumbe wa kunisifia. Nauweka hapa kama ulivyo, ameniruhusu niuweke bila jina:

> Salaam fundi, samahani nimechelewa kukupa mrejesho. Ile mashine kwa kweli imenifurahisha sana. Mara ya kwanza nilipata vifaranga 31 tu kwenye mayai 60 nikataka nikupigie nikugombeze 😂 lakini kosa lilikuwa langu sikuwa naweka maji. Mara ya pili baada ya yule kijana wako kuja kunielekeza nimeweka 60, siku ya kumi nikamulika nikatoa 6 hayana kitu, yakabaki 54, yametotoa 51. Sijawahi kupata hivi hata kwa kuku wangu wenyewe. Ila umeme ukikatika usiku lazima niamke niifunike mablanketi. Kwa bei niliyonunua sijutii. Mungu akubariki.

Nilifurahi, nikatengeneza posti. Niliandika hivi:

> “Mashine imenifurahisha sana! Mayai 54, yametotoa 51! Sijawahi kupata hivi! Sijutii!” – Mteja wetu, Dakawa. ASILIMIA 94!!!

Jamaa wa Mvomero kaiona, kanunua, kaweka mayai 60, kapata vifaranga 33. Kanipigia simu anafoka, anataka hela yake. Nikamuuliza kama alikuwa anaweka maji, akasema maji yapi. Sasa kinachonisumbua siyo hata huyo. Mama wa Dakawa naye kanipigia, kasema “fundi, mimi sikusema hivyo.” Nikamwambia mama, kila neno pale ni la kwako. Akanyamaza, halafu akasema “ni ya kwangu, lakini sikusema hivyo.”

Nimekaa nalo wiki nzima. Sikuongeza neno hata moja. Kosa liko wapi?

---

Kapteni Kibodi

Mkuu usijitese. Biashara ni matangazo. Ungeweka skrinshoti ya ujumbe wenyewe, kesi imeisha. Skrinshoti haina ubishi, mtu anaona maandishi ya mteja mwenyewe. Ukichapa upya lazima watu waseme umetunga.

---

Mhariri Mstaafu

Mleta mada, uliza swali hilo kwa utulivu maana ni swali zuri. Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya barua za wasomaji gazetini. Kazi yangu ilikuwa ndiyo hiyo hiyo yako: mtu anaandika kurasa mbili, mimi nina nafasi ya mistari kumi. Kupunguza siyo dhambi. Ila kuna maneno ambayo ukiyatoa, yaliyobaki yanaanza kusema jambo jingine.

Tuanze na hesabu yako maana hiyo ndiyo iliyomponza jamaa wa Mvomero. Mama aliweka mayai 60. Akatoa 6 siku ya kumi. Yakabaki 54, yakatotoa 51. Kwa mayai aliyoyaweka, 51 kwa 60 ni asilimia 85. Kwa yaliyobaki baada ya kumulika, ni asilimia 94 na kitu. Hesabu zote mbili ni sahihi. Lakini mtu anayenunua mashine ya mayai 60 anafikiria mayai anayoyaweka, anayoyanunua kwa hela yake. Hajui habari ya kumulika. Akisoma “mayai 54, yametotoa 51” anaelewa kwamba kuna mtu aliweka 54 akapoteza matatu tu. Mama hakusema hivyo. Alisema aliweka 60.

Na angalia jambo hili la ajabu kidogo. Ungeweza kukata maneno mengi zaidi ya uliyoyakata na bado ukabaki mkweli. Ungeandika “nimeweka 60 … yametotoa 51”, ukatupa kabisa habari ya kumulika na yale 6. Hakuna ambaye angedanganyika. Wewe ulitupa 60 ukabakiza 54. Kwa hiyo usipime kwa wingi wa maneno uliyoyatoa. Jiulize msomaji anabaki na picha gani kichwani, halafu uilinganishe na picha aliyokuwa nayo mama wakati anaandika.

---

Nakuru Kuku

Habari ya huko Moro. Hiyo mashine ya mayai 60 inauzwa pesa ngapi na mnaweza kutuma mpaka Nakuru? Na je, unyevu mnaweka kiasi gani siku tatu za mwisho? Yangu mimi inaangua vizuri lakini vifaranga vinakwama kwa ganda.

---

Fundi wa Mindu

Nakuru, njoo inbox tuzungumze. Kukwama kwenye ganda mara nyingi ni unyevu mdogo mwishoni, au umefungua mlango mara kwa mara kuchungulia. Mimi nawaambia wateja wangu asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, halafu wapandishe mpaka 65 au 70, na wasifungue tena.

Mhariri, la 54 nimelielewa na limeniuma. Ila nijitetee kidogo: kwenye ufugaji watu huwa wanahesabu hivyo, kutoka kwenye mayai yenye mbegu. Hata makampuni makubwa yanataja hivyo. Yai lisilo na mbegu siyo kosa la mashine, ni kosa la jogoo 😂

---

Mhariri Mstaafu

Kweli, na una haki ya kusema hivyo. Lakini useme wewe, nje ya alama za kunukuu, kwa maneno kamili: “kati ya mayai 54 yaliyobaki baada ya kuondoa yasiyo na mbegu.” Hapo unaongea kama fundi na mtu anaweza kukuuliza. Ulichofanya wewe ni kuchukua hesabu ya fundi ukaiweka mdomoni mwa mama.

---

Dada wa Kapsheni

Jamani nami nichangie, nasimamia kurasa za Instagram za wafanyabiashara wadogo hapa Arusha. Mhariri anasema kweli lakini anasema kama mtu wa gazeti 😅 Kwenye simu mtu anapita haraka. Ukimwekea ujumbe wote wa mama hakuna atakayesoma. Lazima pawe na mstari mmoja unaomshika.

Mimi huwa nafanya hivi. Picha ya kwanza inakuwa na sentensi moja tu ya mteja, nzima, kuanzia neno lake la kwanza mpaka nukta yake. Siunganishi vipande. Halafu picha ya pili na ya tatu naweka ujumbe uliobaki, au wote. Anayetaka kujua anatelezesha. Kwa mtindo huu nakuwa na mstari mfupi bila kumkatakata mtu.

Kwa hii ya mama wa Dakawa mimi ningechukua “Kwa bei niliyonunua sijutii.” Wewe fundi uliikata ikabaki “Sijutii!” ukaongeza na alama ya mshangao. Mama hakushangaa popote kwenye ujumbe wake, hesabu mwenyewe. Ana nukta tu. Wewe umempa alama nne za mshangao. Mtu anayeongea taratibu umemfanya apige kelele sokoni.

---

Kapteni Kibodi

Hahaha alama ya mshangao nayo imekuwa kesi? Tutafungwa wote humu.

---

Dada wa Kapsheni

Kesi siyo, lakini ndiyo maana mama alisema “ni ya kwangu lakini sikusema hivyo.” Sauti siyo yake. Na Kapteni, hiyo skrinshoti yako nayo inadanganya vizuri tu. Nimeona mtu kakata skrinshoti chini kabisa ya “mashallah keki tamu”, na mstari unaofuata ulikuwa “ila imefika imebonyea upande mmoja.” Skrinshoti ni ya kweli, na maandishi ni ya mteja. Tena ukisahau kuficha juu, namba ya simu ya mteja na picha yake ya profaili vinabaki hapo, dunia nzima inaviona.

---

Kapteni Kibodi

Hapo kwenye namba nakubali. Jirani yangu alitangazwa hivyo na muuza mawigi, akaanza kupigiwa na wanaume asiowajua.

---

Bi Maandazi Tanga

Mimi yangu ni kinyume. Mteja aliniandikia “bibi mahamri yako ni moto, nimekula sita peke yangu, nitakufa na sukari mwaka huu.” Nikaiweka vilevile kama alivyoandika. Binti yangu akaniambia mama ondoa, umetangaza kwamba mahamri yanaua. Nikaondoa hiyo ya sukari, nikabakiza “mahamri yako ni moto, nimekula sita peke yangu.” Mteja alipoona akacheka tu. Je, na mimi nimepotosha?

---

Mhariri Mstaafu

Bi Maandazi, hapana. Utani ule wa sukari ulikuwa njia yake ya kusema ni matamu. Ukiutoa, maana ya mahamri kuwa matamu inabaki palepale. Tena ungeuacha, mtu asiyemjua angeuelewa vibaya. Ndiyo sababu ninasema kuweka kila neno hakukukingi. Kuna maneno yanafaa kati ya watu wawili wanaojuana tu.

Linganisha na mama wa Dakawa. Naye ana utani, “nikataka nikupigie nikugombeze.” Huo ukitolewa hakuna kinachoharibika. Lakini umekaa kando ya “mara ya kwanza nilipata vifaranga 31 tu”, na fundi alipoutoa utani aliondoka na kila kitu kilichouzunguka. Mzunguko mzima wa kwanza ukapotea.

---

Wakili wa Mtaani

Nimesoma uzi wote. Kisheria fundi yuko hatarini. Huwezi kutumia maneno ya mtu kwenye tangazo bila mkataba wa maandishi uliosainiwa mbele ya wakili na kugongwa muhuri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inasema hivyo. Huyo mama akienda Tume, umekwisha.

---

Mwanafunzi wa Sheria UDSM

Mzee wa mtaani, nusu umepatia. Sheria ya 2022 ipo na ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na jina la mtu, picha yake au namba yake ya simu ni taarifa binafsi. Ridhaa inahitajika. Lakini hiyo ya wakili na muhuri umeitoa kichwani. Mtu anaweza kuridhia kwa ujumbe wa kawaida, mradi aelewe anaridhia kitu gani na aweze kuondoa ridhaa yake baadaye. Ujumbe wa WhatsApp wenye swali lililo wazi na jibu lililo wazi ni bora kuliko karatasi aliyosaini bila kusoma.

Na mnasahau sheria nyingine inayomhusu fundi zaidi, Sheria ya Ushindani ya 2003. Hiyo inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Jamaa wa Mvomero hajali taarifa binafsi za mama. Yeye analalamika kwamba ameonyeshwa matokeo ambayo siyo anayoyapata mtu wa kawaida. Kwamba maneno yalitoka mdomoni mwa mteja hakumwondolei muuzaji lawama, kwa sababu aliyechagua kipi kionekane ni muuzaji.

---

Nakuru Kuku

Kwa hayo ya ridhaa, huku Kenya si mchezo. Mwaka wa 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilipiga ukumbi mmoja wa starehe Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Picha tu ya mtu akijivinjari. Tangu hapo mimi nikiuza vifaranga namuuliza mtu kwanza kabla ya kumpiga picha.

Fundi, nimekutumia ujumbe, hujajibu.

---

Mtoto wa Minnesota

Salaam kutoka Minneapolis. Niongezee kwenye la matokeo ya mtu wa kawaida, maana huku nilifanya kazi kwenye kampuni inayouza vidonge vya kupunguza uzito na tulikuwa tunafundishwa. Zamani huku waliruhusu uweke mteja aliyepunguza kilo nyingi mno, halafu chini uandike kwa herufi za sisimizi kwamba matokeo haya siyo ya kawaida. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilibadilisha mwongozo wake mwaka 2009. Sasa ukionyesha mteja aliyepata matokeo makubwa kuliko wengine, useme waziwazi wengine kwa kawaida wanapata nini. Na kama mteja alipewa zawadi au punguzo ili aseme, hilo nalo liandikwe.

Najua FTC haifiki Morogoro. Lakini swali lao linamfaa fundi: wateja wako wengine, mzunguko wa kwanza, wanapata vifaranga vingapi?

---

Fundi wa Mindu

Swali hilo limenichoma. Nimepita kwenye simu yangu jana usiku. Walionipa mrejesho wa mzunguko wa kwanza ni tisa tu. Wa chini kapata 28 kwenye 60, wa juu 47. Wengi wako kwenye thelathini na kitu. Jamaa wa Mvomero na 33 zake ni mtu wa kawaida kabisa. Mama wa Dakawa na 51 zake ndiye aliyezidi wote, na ni mzunguko wa pili, baada ya kijana wangu kwenda kumfundisha.

Zawadi sikumpa. Ila nafuu nilimpa, kijana alienda bure. Hiyo inahesabika?

---

Mtoto wa Minnesota

Kama unaenda bure kwa kila mteja, hiyo ni sehemu ya bidhaa yako. Kama ulienda kwake tu, ningesema ndiyo inahesabika. Hapo wengine watabishana nami.

---

Dada wa Kapsheni

Mimi nabisha. Kijana alienda kabla mama hajaandika chochote. Hakupewa ili asifie.

---

Mhariri Mstaafu

Acheni zawadi, tazameni kijana mwenyewe. Fundi, “baada ya yule kijana wako kuja kunielekeza” ndiyo sentensi ya maana kuliko zote katika ujumbe ule, na wewe umeitupa. Mama anakwambia sababu. Mashine ileile, mayai 60 yaleyale, bila maelekezo 31, kwa maelekezo 51. Ulipoiondoa sababu, ukaifanya mashine peke yake ndiyo iliyoleta 51. Hapo ndipo ulipobadilisha maana kuliko hata kwenye 54.

Na kibiashara pia umejinyima. Anayenunua mashine anaogopa jambo moja: nikikwama nitamwona nani? Mama amemjibu, bure. Wewe ukaona asilimia 94 ndiyo inayouza.

Kuna kipande kingine kidogo. Mama aliandika “Sijawahi kupata hivi hata kwa kuku wangu wenyewe.” Analinganisha na kuku wanaoatamia. Wewe ukaacha “Sijawahi kupata hivi!” Sasa msomaji anadhani amejaribu mashine za mafundi wengine na yako imezishinda. Kuku wake wamegeuka kuwa washindani wako.

---

Kapteni Kibodi

Kuku wamegeuka washindani 😂😂 nimekaa paleee.

Lakini kwa uzito sasa. Mnataka fundi atangaze kwamba mashine yake ilitoa 31 kwenye 60? Nani atanunua? Mwenzake wa Msamvu anaandika asilimia 98 na hana mteja hata mmoja wa kumtaja.

---

Fundi wa Mindu

Kapteni kasema kilicho moyoni mwangu. Nionyesheni basi, siyo kunisema tu. Ingeandikwaje?

---

Mhariri Mstaafu

Nitakuandikia miwili, uchague.

Mrefu kidogo:

> “Mara ya kwanza nilipata vifaranga 31 tu kwenye mayai 60 … lakini kosa lilikuwa langu sikuwa naweka maji. Mara ya pili baada ya yule kijana wako kuja kunielekeza nimeweka 60 … yametotoa 51. Sijawahi kupata hivi hata kwa kuku wangu wenyewe.”

Nimetoa utani wa kugombeza na habari ya kumulika, nikaweka nukta tatu kila nilipokata. “Lakini” nimeibakiza makusudi. Mpangilio ni wake, sikuleta ya nyuma mbele. Watu hupenda kuhamisha sentensi tamu ya mwisho iwe ya kwanza. Fikiria “imenifurahisha sana” ingewekwa baada ya 51: ingekuwa amefurahi kwa sababu ya 51. Kwake mama furaha inatangulia, ni ya jumla, kisha anasimulia.

Mfupi:

> “Baada ya yule kijana wako kuja kunielekeza nimeweka 60 … yametotoa 51.”

Huu una neno “baada” na una “kunielekeza”, kwa hiyo msomaji anajua kuna kitu kilitangulia. Chini yake, kwa maneno yako wewe, bila alama za kunukuu: “Huu ni mzunguko wake wa pili. Wateja wetu wengi mzunguko wa kwanza hupata thelathini na kitu kwenye 60. Tunakuja kukuelekeza.” Usiandike asilimia ya aina yoyote. Una watu tisa tu.

Je, 31 ni lazima itajwe? Kwenye mfupi mimi nimeiacha, nikategemea maelezo yako ya chini. Najua wapo wahariri ambao wasingekubali.

---

Mwanafunzi wa Sheria UDSM

Mimi nisingekubali 🙂 Maelezo ya chini yanapotea. Mtu akipiga skrinshoti ya picha na kuisambaza kwenye magrupu, kapsheni inabaki nyuma. Kama ni muhimu, iwe kwenye picha.

---

Dada wa Kapsheni

Hilo ni kweli kabisa, limeshanitokea. Iwekwe ndani ya picha, kwa herufi zinazosomeka, rangi tofauti na ya nukuu ili ijulikane ni ya fundi.

---

Mfugaji wa Kibaha

Nimekuja kuchelewa. Hakuna aliyeyagusa mablanketi? Mama anasema umeme ukikatika anaifunika. Mnajadili kama hilo litolewe au libaki, mimi naogopa likibaki. Mwaka juzi nilifunika yangu kwa blanketi zito usiku kucha, nikaziba na matundu ya hewa. Ilikuwa siku ya 19. Asubuhi nikapata vifaranga vimekufa ndani ya mayai, karibu vyote. Joto lilikuwepo, hewa haikuwepo. Sasa fundi akiweka maneno ya mama yalivyo, kuna mtu ataiga.

---

Mhariri Mstaafu

Mfugaji, umenipata. Sikuliona kwa sababu sifugi kuku. Ningeyatoa kwa ajili ya nafasi, lakini hiyo siyo sababu nzuri, maana ndiyo kasoro pekee aliyoitaja mama baada ya kufanikiwa. Ukiitoa, sifa inabaki bila doa. Ukiiacha, mtu anaua vifaranga.

---

Mfugaji wa Kibaha

Iache, halafu fundi aandike pembeni: ukifunika, matundu yabaki wazi. Ndiyo kazi yake kama fundi.

---

Fundi wa Mindu

Wakuu, mrejesho. Posti ya zamani nimeifuta. Jamaa wa Mvomero kijana wangu ameenda kwake Jumamosi, ameweka mayai upya, tutaona siku ya 21. Hela hajaacha kuidai.

Mama wa Dakawa nilimwandikia hivi, Dada wa Kapsheni alinisaidia:

> Mama, habari za huko. Ile posti nimeiondoa, naomba radhi. Naomba ruhusa niweke hii mpya hapa chini kwenye Instagram na WhatsApp status, bila jina lako wala namba, niandike “mteja, Dakawa” tu. Isome, ukiona pana neno siyo lako au pana neno limepungua niambie. Ukikataa hakuna tatizo. Ukibadili mawazo hata mwakani, niambie nitaitoa.

Nilimtumia ule mrefu wa Mhariri, kama utakavyoonekana, siyo maneno matupu. Akakaa siku mbili. Nikajua nimekataliwa. Juzi akajibu kwa sauti, dakika nne. Kasema mambo matatu. Moja, “Dakawa” nitoe, niandike “Mvomero”, kwa sababu Dakawa wenye mashine yangu ni yeye peke yake na majirani watamjua na kuanza kuja kuomba vifaranga. Pili, utani wa kugombeza niurudishe. Anasema bila huo anaonekana mtu mpole sana na watu wanaomjua hawatamtambua 😂 Nikamwambia mama, si hutaki wakutambue? Akacheka.

Tatu ni mablanketi. Anataka yabaki, na anasema hafuniki matundu, anaacha upande mmoja. Hilo kwenye ujumbe wa kwanza hakuliandika. Je, naruhusiwa kuliongeza kwenye nukuu?

---

Mhariri Mstaafu

Amelisema yeye, kwa hiyo ni lake. Lakini hakulisema siku ile. Mwombe auandike ujumbe upya mwenyewe, mstari huo mmoja, halafu nukuu huo. Usimwandikie wewe kutoka kwenye sauti ya dakika nne, utateleza tena.

---

Dada wa Kapsheni

Mhariri hapo unazidisha. Sauti ikisikilizwa ikaandikwa neno kwa neno kuna ubaya gani? Wateja wangu nusu hawapendi kuandika, wanatuma sauti tu. Ukimrudishia kwamba aandike, hatarudi.

---

Mhariri Mstaafu

Neno kwa neno sawa. Basi na kigugumizi chake na “yaani” zake saba uziandike?

---

Dada wa Kapsheni

“Yaani” natoa. “Lakini” na “ila” sizigusi.

---

Nakuru Kuku

Fundi hiyo mashine ya 120 nayo je? Na usinitumie posti, nitumie video ya siku ya 21 mashine ikifunguliwa.